Sehemu ya 9: Barua ya mama na upele unaorudi

Leo nawawekea barua. Mama mmoja wa mtoto wa miezi minane aliniambia kwamba akifika mbele ya daktari wa watoto maneno yote yanampotea. Nikamwambia, basi andika. Ameniruhusu niiweke hapa bila jina.

"Shikamoo Daktari. Upele ulianza mashavuni akiwa na miezi mitatu, ananyonya tu. Ni mkavu, unakwaruza. Usiku anasugua uso kwenye shuka mpaka unatoa majimaji. Mama mkwe alisema ni maziwa yangu, nikaacha mayai na samaki wiki tatu. Upele haukubadilika, niliyekonda ni mimi. Mwezi wa nne niliacha sabuni yenye manukato nikaanza sabuni ya dawa. Ukazidi, ukashuka mikononi na miguuni. Tukamwogesha majani ya mwarobaini, alilia sana, tukaacha. Mwezi wa tano duka la dawa wakanipa tyubu. Siku tatu tu ngozi ikawa laini. Nilipoacha, siku ya sita ukarudi. Nimenunua tyubu hiyo mara nne na kila mara ni hivyo hivyo. Miezi sita nikaanza uji, baadaye yai. Siku ya yai sikuona kitu. Kwenye nepi hana upele. Nyumbani hakuna mwingine anayejikuna. Baba yake ana pumu. Tyubu nimekuja nayo."

Mngeona jinsi daktari alivyoisoma! Chakula alikipita haraka. Mzio wa chakula wa ghafla huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: mabaka ya kuvimba, midomo kuvimba, kutapika. Hapa yai limeliwa, kimya. Kwamba hakuna mwingine anayejikuna kulipunguza shaka ya upele wa kuambukizana.

Alipokaa sana ni kwenye tyubu. Aliigeuza akasoma: betamethasoni, dawa ya fangasi na antibayotiki, vyote pamoja. Hiyo ni steroidi kali kwa uso wa mtoto mchanga. Inazima wekundu upesi, lakini ngozi inabaki kavu vilevile, ndiyo maana siku ya sita moto unawaka tena.

Jibu likawa pumu ya ngozi. Tyubu ikaachwa, akapewa haidrokotisoni ya asilimia 1, apake kidogo palipo pekundu kwa siku chache alizoandikiwa. Kuoga kuwe kufupi, maji ya uvuguvugu, sabuni ya dawa hapana. Amkaushe kwa kumgusagusa taulo, kisha papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu, ampake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Arudie mara kadhaa kwa siku, hata upele ukiisha. Na mama ale mayai yake. Pakitoka usaha, ukoko wa njano, au malengelenge na homa, aje siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu alirudi. Mashavu bado yana wekundu kidogo, ila mtoto analala. Mama mkwe bado anaulizia samaki.