Bei ya Salio Lililobaki

Kuna pesa fulani Kenya ambayo haina kazi. Iko kwenye simu ya msee, inaonekana, ni yake, lakini hawezi kuishika. Wakala wa M-Pesa hakutolei chini ya shilingi 50, na kutoa hiyo 50 kunakatwa 11. Kwa hivyo mtu mwenye salio la 60 hana hata noti moja ya kwenda nayo dukani. Ana 60 ya kuangalia tu. Gemu yetu inaishi kwa pesa hiyo.

Ni gemu ndogo ya vitendawili na mafumbo. Mimi niliandika maneno, rafiki yangu akaandika programu, tukiwa wawili kwenye chumba kimoja huko Kahawa Wendani. Hatua 10 za mwanzo ni bure, zilizobaki 50 unazifungua kwa kulipa mara moja tu. Hatukuiweka kwenye duka la Google, kwa sababu ukiwa humo ulitakiwa ulipishe vitu vya ndani ya gemu kwa mfumo wao, na kwa watu wadogo kama sisi walikuwa wanakata kuanzia asilimia 15. Tena gemu hutembea yenyewe. Mtu anamtumia mwenzake faili kwa bluetuthi bila kuchoma bando, au kwa WhatsApp, na ikifika inakuwa imefika na njia yake ya kulipia. Wengi wanaoipokea hawajawahi kuwa na kadi ya benki, na hawaitafuti.

Ubishi wetu ulikuwa bei. Rafiki yangu alitaka 100. Hesabu yake ilikuwa sawa kwenye karatasi: kwa 40 unahitaji wanunuzi 5 ili upate zile unazopewa na wawili kwa 100. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, na 100 ilisikika kama bei ya watu wanaojiheshimu. Mimi nilisema 40. Sikuitoa hewani. Nilitaka bei iliyo chini ya pesa iliyokwama, halafu imbakishie mtu kitu cha kununulia kredo.

Tukaamua kujaribu. Wikendi ya kwanza tuliuza kwa 100. Waligusa kitufe cha kulipa watu 60, wakamaliza 11. Hiyo ni shilingi 1,100. Wikendi iliyofuata tukauza kwa 40. Waligusa 64, wakamaliza 35, tukapata 1,400. Wikendi mbili si utafiti, najua. Lakini kilichonishawishi zaidi ya hizo 300 za ziada ni sababu ya wengine kukwama.

Hapa inabidi nieleze jinsi malipo yanavyoenda. Mchezaji akigusa kitufe na kuandika namba ya simu, seva yetu inatuma ombi kwa Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Daraja inalipatia ombi jina lake, `CheckoutRequestID`, kisha kidirisha kinatokea kwenye simu kikiuliza kama unataka kulipa kiasi fulani kwa biashara fulani. Unaweka namba ya siri. Muda mfupi baadaye Daraja inarudisha jibu kwa seva yetu likiwa na `ResultCode`. Sifuri maana yake pesa imeingia. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mtu mwenyewe ameghairi. 1037 ni simu haikupatikana, au kidirisha kimekaa hadi kikaisha bila kujibiwa.

Hizo namba ndizo zinazokuambia shida iko wapi. Wikendi ya 100, wengi walioshindwa walirudi na 1. Walitaka, walijaribu, hawakuwa nayo. Wikendi ya 40, zile 1 zilipungua sana, na zilizobaki zilikuwa hasa 1032. Hilo ni jambo lingine kabisa. Mtu anayeghairi ana pesa, ila kuna kitu kimemtisha. Tulipowauliza wachache, jibu lilikuwa moja: jina. Kidirisha kilionyesha jina la biashara lililosajiliwa kwenye namba ya tili, si jina la gemu, na Mkenya akiona jina asilolijua likiomba namba yake ya siri anajua cha kufanya. Tukaongeza sentensi moja kabla ya kitufe: “Utaona jina hili kwenye simu,” na jina lenyewe chini yake. 1032 zikapungua wiki hiyo hiyo, bila kugusa bei.

Namba ya tili ilitufaa pia kwa makato. Anayelipa hakatwi kitu, na kwa malipo yasiyozidi 200 hata sisi hatukatwi. Shilingi 40 inaingia ikiwa 40.

Kisha kuna simu ya saa tatu usiku. “Boss, nimelipa, meseji ya M-Pesa nimepata, na gemu bado imefungwa.” Huyo alikuwa kijana wa Githurai. Alikuwa na 25 kwenye simu, rafiki yake akamtumia 18, maana kutuma hadi 100 ni bure, na akalipa akabaki na 3. Pesa ilikuwa imeingia kwetu. Jibu la Daraja ndilo halikufika, kwa sababu umeme ulikatika mahali seva ilipokuwa na intaneti ikaenda nao.

Kwa mtu huyo, 40 haikuwa pesa ndogo. Ilikuwa yake na ya rafiki yake. Usipomfungulia ndani ya dakika tano, wewe ni mwizi, na atawaambia wote aliotaka kuwatumia ile faili.

Dawa yake ni kutotegemea jibu moja. Sasa seva ikikaa dakika moja bila kusikia lolote, inauliza Daraja yenyewe kwa kutumia ile `CheckoutRequestID`: hili ombi liliishia wapi? Na kama hata hilo limeshindikana, kuna sehemu kwenye gemu ya kuandika ile kodi ya herufi na tarakimu iliyo mwanzoni mwa meseji ya M-Pesa. Tunailinganisha na orodha ya malipo yaliyoingia kwenye tili. Kila kodi inafungua gemu moja tu, la sivyo kodi moja ingezunguka WhatsApp na kufungulia mtaa mzima. Kijana wa Githurai alinisomea yake kwa simu, herufi kwa herufi, nikamfungulia.

Jambo lingine tulilozingatia tangu mwanzo ni kwamba anayecheza na anayelipa mara nyingi si mtu mmoja. Mtoto anacheza kwa simu ya zamani isiyo na laini, mamake ndiye mwenye M-Pesa. Kwa hivyo gemu haiulizi “namba yako”. Inauliza “namba itakayolipa”, na inafungua simu iliyotuma ombi, si simu iliyotoa pesa. Mama anaona kidirisha, anaona 40, anaamua.

Bei hii ina mahali inapogota. Mwenye deni la Fuliza hana salio lililokwama, kwa sababu pesa ikiingia deni linakatwa kwanza. Huyo hata 40 hana, na hata tukishusha hadi 10 hatutamfikia mwisho wa mwezi. Kwake tumeacha zile hatua 10 za bure, na faili anayoweza kumtumia mwenzake aliye na 43.