Amina Kabla ya Wakati

Nilipojiunga na kwaya ya parokia yetu hapa Bukavu nilikuwa na umri wa miaka 17. Katika zoezi langu la kwanza, mlezi wetu aliongoza sala ya kufunga, akanyamaza kidogo ili avute pumzi. Mimi nilidhani amemaliza, nikaitikia peke yangu, kwa sauti ya kuujaza ukumbi: «Amina!» Kwaya nzima ilicheka, hata mlezi mwenyewe. Nami nilicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

Kicheko cha siku ile sikilalamikii. Kilichofuata ndicho kilichonielemea. Tangu hapo nikawa naitwa Amina, na kila nilipofungua kinywa kusema neno, mpiga ngoma wetu alidakia: «Amina!» Wote wakacheka, na neno langu likafungwa kabla halijaanza. Hali hiyo ilidumu miaka miwili.

Sharti niseme ukweli juu ya upande wangu. Mzaha ule niliulisha mimi mwenyewe. Nikichelewa, niliingia nikisema «Amina» kabla yao. Nikiona kikundi kimenuna, nilijirusha katikati kama mpira ili wanipige teke wafurahi. Nilikuwa mgeni mjini, sikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na nilidhani kuchekwa ndiyo nauli ninayolipa ili nipewe kiti. Nani angeweza kujua kwamba ninaumia, ikiwa nilicheka kuliko wote?

Gharama yake niliiona wakati wa kutayarisha sare za Noeli. Kila mwimbaji alihitaji yadi 3 za kitenge, na pisi moja ina yadi 6, yaani watu wawili kwa pisi. Viongozi walisoma orodha ya zamani yenye majina 28, wakapanga kununua pisi 14. Mimi niliketi nyuma, na nilikuwa nimetuhesabu: tulikuwa 34. Zilihitajika pisi 17. Niliinua mkono: «Nafikiri hesabu...» «Amina!» Kicheko. Nami, badala ya kuendelea, niliongeza mzaha wangu juu ya ule wao, kisha nikaketi.

Vitenge vilinunuliwa katika soko la Kadutu. Upungufu ulipogunduliwa na watu wakarudi sokoni, ua lile lilikuwa limekwisha. Waimbaji sita wakakosa sare, na wawili kati yao hawakuja kuimba usiku wa Noeli. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyejua kwamba nilitaka kusema kitu.

Baada ya sikukuu nilifikiri kuacha kwaya. Kilichonizuia ni swali dogo: je, huu ni utani au si utani? Sisi sote tumelelewa katika utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike «mke wangu», naye mjukuu humjibu kwamba hawezi kuolewa na mzee asiye na meno. Huko Tanzania, Wangoni na Wahehe, waliopigana vita katika karne ya 19, wamekuwa watani, na mtani anaweza kukutania hata msibani huku akikusaidia kazi za mazishi. Lakini utani wa namna hiyo una njia mbili: anayetaniwa leo ana haki ya kutania kesho, na mtani ana wajibu kwako siku ya shida. Wangu ulikuwa na njia moja tu. Mpiga ngoma alinitania, ila hakuna aliyetazamia nimtanie yeye. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Nilipougua homa, ndiye aliyekuja nyumbani na matunda. Kwa hiyo niliona kwamba wajibu upo, kilichokosekana ni ile njia ya pili. (Kama ningekuwa nimemwomba aache naye akazidisha, au kama wangecheka uyatima wangu au maumbile yangu, ningekwenda moja kwa moja kwa mlezi, na huenda ningeondoka. Si kila kikundi kinastahili kusubiriwa.)

Kosa ambalo nilikaribia kulifanya ni kusimama mbele ya wote na kuwashitaki. Mtu akishitakiwa mbele ya wenzake hutafuta kujiokoa, na njia iliyo karibu ni mzaha mwingine. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inatuelekeza kuanza na ndugu peke yake. Basi siku moja baada ya mazoezi niliongozana na mpiga ngoma tukitelemka kuelekea Nyawera, nikamwambia: «Yaya, jina la Amina sina shida nalo. Ila ninaposema jambo la kwaya, naomba uniache nimalize.» Nilimsimulia habari ya pisi 17. Alisimama njiani. «Mdogo wangu,» akasema, «mbona wewe mwenyewe ndiye uliyecheka kutupita sisi sote?» Sikuwa na jibu. Nadhani kilichosaidia ni kwamba niliomba jambo moja lililo wazi. Kama ningemwambia «mniheshimu», asingejua aanzie wapi.

Yeye aliacha. Wengine hawakuacha mara moja, maana mzaha ukishazoeleka hauna tena mwenyewe. Kwao nilifanya hivi: wakidakia, nilinyamaza bila kununa na bila kucheka, nikangoja kicheko kiishe, kisha nikaendelea kutoka neno lile lile nililokatiwa. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko miaka yote miwili. Walisema nimekuwa na kiburi. Kulikuwa na ukimya kila nilipoingia, kwa sababu hawakujua tena wanisalimu vipi. Siku moja nilishindwa, nikajitania tena ili nione nyuso zao zikichangamka, na juma lililofuata nilianza upya.

Kisha niliomba kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kutunza daftari la mahudhurio. Mtu akitaka kujua nani ameimba mara ngapi, au tuko wangapi kwa safari, ilimbidi anijie. Polepole watu wakawa na sababu nyingine ya kuniita.

Hatari kubwa ilikuja pale nilipodhani nimekwisha kuvuka. Alikuja kijana mpya kutoka Walungu, akaanza ubeti kabla ya wenzake. Mzaha wa kwanza juu yake niliutoa mimi. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza kicheko kile kilikuwa upande wangu. Nakiri kwamba kilikuwa kitamu. Kisha nikamwona yule kijana anacheka kuliko wote, huku macho yake yakitafuta mlango. Kiti changu cha zamani kilikuwa kitupu, nami nilikuwa namkaribisha akikalie. Baada ya mazoezi nilimwomba radhi, nikamsimulia habari ya ile sala yangu ya kwanza. Siku hizi tunalishika daftari pamoja.

Mwaka uliopita tulikutana tena kwa ajili ya sare. Niliinua mkono, nikasema kwamba tuko 37, kwamba zinahitajika yadi 111, yaani pisi 18 na nusu, na kwamba tununue 19 siku moja kabla ua halijaisha sokoni. Nilipofika mwisho na kuketi, mpiga ngoma alinitazama, akangoja kidogo kana kwamba anahakikisha nimemaliza kweli, kisha akasema kwa sauti ya kuujaza ukumbi: «Amina!»

Tulicheka wote, nami nikamjibu kwamba safari hii hata yeye amejifunza kungoja padri amalize.