Barua Rasmi Katika Mtihani wa Kiingereza: Alama Zinakopotelea

Mwanafunzi mpenzi, huenda ukashangaa kumwona mwalimu wa Kiswahili akizungumzia mtihani wa Kiingereza. Sababu ni kwamba hapa Kasese, na huko Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, mwanafunzi yule yule anayeketi mbele yangu kwa somo la Kiswahili ndiye anayeketi mbele ya mwenzangu kwa somo la Kiingereza. Makosa anayoyafanya katika barua rasmi ya lugha moja huyahamishia katika barua ya lugha nyingine. Kila baada ya mitihani ya majaribio, mwenzangu huniletea karatasi chache tuzisome pamoja, nami huona humo mambo mawili yanayojirudia: umbo lisilokamilika na lugha isiyolingana na mwandikiwa.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa Kidato cha Nne, unaosimamiwa na Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda (UNEB), kwa miaka mingi imekuwa na swali la uandishi wa kiuamilifu, yaani uandishi wenye kazi maalumu: barua, ripoti, hotuba, kumbukumbu za mkutano. Mtahiniwa anayefikiri kwamba hapo anapimwa hoja peke yake hukosea tangu mwanzo. Msahihishaji hutazama umbo, hutazama hoja, kisha hutazama lugha. Hoja nzuri haziwezi kurudisha alama zilizopotea kwa sababu tarehe haikuandikwa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme swali linakutaka, ukiwa katibu wa chama cha mazingira shuleni, umwandikie Karani wa Mji wa Mpondwe-Lhubiriha, ukiomba mtaro ulioziba karibu na lango la shule uzibuliwe. Hii hapa, kwa Kiswahili, ni sura ya barua ambayo mimi na mwenzangu tumeikuta mara nyingi, ingawa maneno nimeyatunga mwenyewe:

«Mpendwa Karani, hujambo? Natumaini u mzima wa afya kama mimi. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba juzi mvua ilinyesha sana na maji yakajaa hapa kwetu, yaani hali ni mbaya kweli! Sasa nataka ulete watu wazibue huo mtaro haraka. Wasalimie wote nyumbani. Ni mimi wako mpendwa.»

Barua hii haina matusi wala uvivu. Mwandishi wake amelelewa vizuri: ameamkia kwanza, ameulizia afya, ameaga kwa upendo. Katika jamii yetu ya Wakonzo, kama ilivyo katika utamaduni wa Waswahili, mtu hawezi kuingia katika shida yake kabla ya salamu. Lakini adabu ya ana kwa ana na urasmi wa maandishi ni vitu viwili tofauti. Karani hasomi barua ile kama jirani aliyekutembelea. Anaisoma kama mwenye ofisi, na baada yake itasomwa na mhandisi, na mwekahazina, na pengine karani mwingine atakayeshika nafasi hiyo miaka mitatu ijayo. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa habari za nyumbani.

Sasa tulitazame umbo. Barua rasmi ya Kiingereza, kama tunavyoifundisha Uganda, huanza kwa anwani ya mwandishi upande wa juu kulia. Anwani hiyo haitanguliwi na jina la mwandishi. Jina lina mahali pake chini, na wanafunzi wengi hukosea hapo. Chini ya anwani huja tarehe, kisha upande wa kushoto huandikwa cheo na anwani ya mwandikiwa. Hufuata maamkizi ya neno moja au mawili, kisha kichwa cha habari kinachotaja jambo lenyewe. Baada yake ndipo huja mwili wa barua katika aya, kisha neno la kufungia, sahihi, jina kamili, na cheo cha mwandishi kama anacho.

Usiyakariri hayo kama shairi. Jiulize kila sehemu ina kazi gani. Ukitaka kuiona kazi ya tarehe, ukumbuke mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika Mei 2013 ukaleta maafa Kilembe na mjini Kasese, ukafurika tena Mei 2020. Fikiria barua iliyo katika jalada la ofisi ikisema «juzi mto ulifurika», bila tarehe. Anayeisoma baadaye hawezi kujua ni mafuriko gani yanayosemwa. Neno «juzi» lina maana kwa anayejua leo ni lini, na ni tarehe peke yake inayomwambia msomaji hilo. Ndiyo maana huandikwa kikamilifu, kwa mfano 14 Machi 2025, wala si kwa tarakimu tupu zenye mikwaju.

Kichwa cha habari nacho kina kazi. Katika ofisi za serikali barua hupitia masijala, ambako karani huisajili na kuiweka katika jalada linalohusika. Kichwa kisemacho «OMBI LA KUZIBULIWA KWA MTARO KARIBU NA LANGO LA SHULE» humwambia mara moja barua iende wapi. Kichwa kisemacho «OMBI» hakimwambii lolote. Na anwani ya mwandishi ndiyo njia ya jibu kurudi. Bila hiyo hata afisa mwenye nia njema hana pa kulipeleka.

Sehemu inayowatatiza wengi zaidi ni uhusiano wa maamkizi na neno la kufungia. Kiingereza kina jozi mbili. Ukimwita mwandikiwa «Bwana» au «Bibi» bila jina, utafunga kwa neno linalolingana na «wako mwaminifu». Ukimtaja kwa jina lake la ukoo, utafunga kwa neno linalolingana na «wako wa dhati». Ukichanganya jozi hizo, msahihishaji ataona. Kiswahili hakina ukali huo: «Wako mwaminifu» hutumika katika hali zote mbili. Hapo ndipo mazoea ya lugha moja yanapoiponza nyingine, nami huwakumbusha wanafunzi wangu waziwazi.

Tugeukie lugha. Katika barua ile ya mfano kuna alama tatu za lugha ya mazungumzo. Ya kwanza ni maneno ya kujazia, kama «yaani» na «kweli», pamoja na alama ya mshangao. Kwa Kiingereza ugonjwa huu huonekana katika vitenzi vilivyofupishwa kwa kibainishi na katika vifupisho vya ujumbe wa simu; kwa Kiswahili huonekana mtu anapoandika «cjui» badala ya «sijui». Ya pili ni kutotaja jambo kwa kipimo. «Hali ni mbaya» hutosha kwa rafiki anayeweza kuja kujionea, lakini haimsaidii karani aliye ofisini.

Ya tatu ni amri: «nataka ulete watu». Kiswahili hutupa njia rahisi ya kuilainisha kwa kitenzi «kuomba» na hali ya dhamira: «ninaomba ofisi yako iwatume wafanyakazi». Kiingereza hufanya kazi hiyo hiyo kwa vitenzi visaidizi vinavyoonyesha uwezekano na shukrani, mfano wa kusema «ningeshukuru iwapo ofisi yako ingeweza…». Mwanafunzi anayetafsiri «nataka» moja kwa moja huonekana mkali bila kukusudia.

Hebu sasa tuiandike upya, tukianzia kichwa:

«Bwana au Bibi,

OMBI LA KUZIBULIWA KWA MTARO KARIBU NA LANGO LA SHULE

Ninaandika kwa niaba ya chama cha mazingira cha shule yetu kuomba mtaro ulio kando ya lango kuu uzibuliwe.

Mtaro huo umejaa udongo na taka kwa umbali wa takriban mita ishirini. Mvua iliponyesha tarehe 11 Machi 2025, maji yalifunika barabara, na wanafunzi wa kutwa walilazimika kusubiri kwa muda wa saa mbili kabla ya kuvuka.

Ningeshukuru iwapo ofisi yako ingewatuma wafanyakazi kuukagua na kuuzibua kabla mvua hazijazidi. Wanachama wetu wako tayari kusaidia kukusanya taka zitakazotolewa.

Wako mwaminifu,»

Kisha hufuata sahihi, jina, na maneno «Katibu, Chama cha Mazingira». Swali likikupa jina na anwani za kutumia, tumia hizo.

Linganisha barua hizi mbili. Ya pili haina neno gumu hata moja, na hilo nalisisitiza, kwa sababu wapo wanafunzi wanaokimbia lugha ya mitaani wakaangukia lugha ya kujikweza: «kwa unyenyekevu usio na kifani nasujudu mbele ya ofisi yako tukufu». Hiyo pia hupoteza alama, kwani imejaza nafasi bila kusema jambo. Urasmi ni uwazi na umbali wa heshima. Aya ya kwanza imesema unaandika kwa nini, ya pili imetoa ushahidi, ya tatu imesema unaomba nini. Karani akiisoma anajua pa kwenda na cha kufanya.

Ukimaliza kuandika katika chumba cha mtihani, jaribu njia hii inayochukua dakika mbili. Funika mwili wa barua kwa kiganja, usome pembezoni peke yake. Je, unaweza kujua ni nani anamwandikia nani, lini, kutoka wapi, na kuhusu nini? Usipoweza, kuna sehemu ya umbo iliyokosekana. Kisha ondoa kiganja, usome sentensi moja moja ukijiuliza kama ungeweza kuituma ilivyo kwa rafiki kwenye simu. Ile ambayo ungeituma bila kubadili neno ichunguze tena; mara nyingi ndiyo iliyoshuka daraja.

Umbo hili halitaishia katika mtihani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, baada ya Kiingereza, na barua uliyoisoma hapo juu inafaa ofisini kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Mtaro ulioziba upo kweli katika mitaa mingi ya Bwera, na anayejua kuuandikia hahitaji kusubiri mtu mzima amwandikie.

Zoezi: Bomba la maji la kijiji chenu halijatoa maji kwa wiki mbili. Mwandikie barua rasmi afisa anayehusika, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Ukimaliza, ziweke kando kwa kando, upigie mstari kila mahali ambapo maamkizi, ombi na neno la kufungia vimetofautiana kati ya lugha hizo mbili.