Kovu la mtoto wa wenyewe

Leo naandika juu ya kosa langu mwenyewe.

Wengi mnanijua kama yule kijana wa kujitolea anayepiga picha na simu. Muhula uliopita shule moja ya msingi hapa Logiri iliniomba nipige picha ya darasa la tatu. Watoto walikuwa 43, wakimbizi na wenyeji pamoja. Kila mzazi alitakiwa kuchangia shilingi 2,000 za kusafisha picha Arua mjini, na kabla ya kwenda kusafisha niliwatumia kwanza kwenye simu waione.

Nilijiona fundi kweli. Usiku nilikaa na programu ya kurekebisha picha, nikapitia sura moja moja, nikavuta kile kidude cha kulainisha ngozi mpaka 80 kwa 100. Vumbi likaondoka, kamasi zikaondoka, vipele vikaondoka. Watoto wote wakang'aa kama wa kwenye kalenda. Wazazi wakaanza kunitumia vidole gumba.

Halafu ukaingia ujumbe wa mama mmoja, mkimbizi mwenzangu kutoka Kongo. Ameniruhusu niuweke hapa, ila bila jina lake wala la mtoto:

"Jambo mwanangu. Asante kwa kazi. Picha nimeiona, mtoto wangu ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa mbele. Ni nguo zake, ni kichwa chake, lakini sura si yake. Kovu la juu ya jicho umelipeleka wapi? Lile kovu baba yake ndiye alilibana na kitambaa siku mtoto alipoanguka kwenye mafiga. Tulipotezana na baba yake mtoto akiwa na miaka mitatu, sasa ana nane. Nilitaka kupeleka picha hii kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotutafutia ndugu. Nimemtumia nyanya yake Ariwara, amejibu: huyu ni mtoto wa nani? Naomba unirudishie kovu la mtoto wangu."

Nilisoma mara tatu. Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kujitetea: mama, nimempendezesha tu. Nikaliandika, nikalifuta. Fikiria wewe ndiye baba. Mara ya mwisho ulimwona mtoto wa miaka mitatu. Sasa mashavu yamepungua, meno ya utotoni yametoka, urefu umeongezeka. Miaka mitano inabadilisha sura ya mtoto kuliko inavyobadilisha ya mtu mzima. Kitu kimoja tu kimebaki pale pale ulipokiacha, lile kovu kwenye nyusi ya kushoto. Na mimi nimekifuta kwa kidole.

Jambo hili si dogo kwa watu kama sisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, kwenye kambi za karibu na Goma, mashirika kama UNICEF na Msalaba Mwekundu yalipiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi. Picha zikabandikwa mahali watu wanapopita, mzazi anatembea akiangalia sura moja baada ya nyingine. Hebu waza kama zile sura zote zingekuwa zimelainishwa.

Basi nikarudi kwenye simu nitafute kovu limekwenda wapi. Hapa nieleze vizuri, maana wengi wetu tunapiga picha bila kujua kinachotokea ndani.

Picha ya simu ni vidoti vingi, na kila kidoti kina namba za mwanga. Sifuri ni giza kabisa, 255 ni mweupe kabisa. Tuseme vidoti vitano vinavyofuatana kwenye ngozi ya mtoto vina 90, 92, 60, 91 na 93. Ile 60 ndiyo mstari mweusi wa kovu. Programu ya kulainisha inatafuta sura, halafu inakichanganya kila kidoti cha ngozi na majirani zake. Jumlisha hizo namba tano, gawa kwa tano, unapata 85 na kidogo. Pale palipokuwa na 60 sasa pana 85, na kovu limekuwa ngozi. Macho na midomo inaviacha, kwa sababu pale tofauti ya mwanga ni kubwa sana na programu imefundishwa kuheshimu mipaka mikubwa. Kovu la mtoto si jeusi kama mboni ya jicho, kwa hiyo linahesabiwa kuwa uchafu.

Na ukipewa ile 85 peke yake, huwezi kurudi kwenye zile namba tano. Ndiyo maana nilipojaribu kuikazia ile picha iwe kali zaidi, nilipata ngozi ya plastiki yenye kingo kali. Kovu halikurudi.

Tumaini langu likawa picha ya asili, ile ya kwenye folda ya DCIM/Camera. Nikaifungua, nikaikuza. Kovu lilionekana kwa mbali, kama alama ya penseli iliyofutwa. Kumbe kamera yenyewe ilikuwa imelainisha kabla yangu! Sehemu ya "Beauty" ilikuwa imewashwa nusu, na mimi sikuwahi kuigusa tangu ninunue simu. Kamera ikilainisha wakati wa kupiga, ile picha ya kweli haihifadhiwi popote.

Nilijuaje kwamba ni "Beauty" na si kitu kingine? Niliangalia sweta. Ukikuza picha ukaona nyuzi za sweta na nywele za kichwani ziko wazi, lakini ngozi ya uso ni laini kama mfuko wa nailoni, basi sura imelainishwa kwa makusudi. Kama sweta, ukuta na uso vyote vimefifia pamoja, tatizo ni giza la darasani au kioo cha kamera kina mafuta ya vidole. Kwenye giza simu inalainisha picha nzima ili kuondoa chengachenga. Na ukiona vimiraba vidogo vidogo kwenye kingo za vitu, picha imebanwa wakati wa kutumwa.

Hilo la mwisho nalo lilikuwepo. Picha yangu ilikuwa na vidoti 4,000 kwa upana. Mstari wa mbele ulikuwa na watoto 12, kwa hiyo uso wa mtoto mmoja ulipata kama vidoti 120 tu, na kovu la sentimita mbili kama 19. WhatsApp ikaibana mpaka karibu 1,600, kovu likabaki na vidoti kama nane. Kwa hiyo hata bila kulainisha chochote, picha ya darasa zima ni ya ukumbusho. Kumtambulisha mtu kunataka picha yake peke yake.

Nikampigia mama simu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Kovu siwezi kulirudisha kwenye ile picha, nimelipoteza. Naomba nije nimpige mtoto upya, bila malipo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo Jumamosi asubuhi, atakuwa ameoga."

Jumamosi nilifika mapema. Nilifuta kioo cha kamera na shati, nikashusha "Beauty" mpaka 0. Mtoto nilimweka ukingoni mwa kivuli cha mwembe, uso ukitazama nje kwenye mwanga wa anga. Katikati ya kivuli nilikataa, kwa sababu jua linalopenya kwenye majani linatia madoa usoni, na doa linaweza kudhaniwa alama. Nilisimama kama mita moja na nusu, simu ikiwa usawa wa macho yake. Nikagusa uso wake kwenye skrini ili kamera ipime mwanga pale, si kwenye ukuta mweupe wa nyuma. Ukipima kwenye ukuta, mtoto mweusi anatoka kivuli kitupu, halafu watu wanakimbilia kumng'arisha na ngozi yake inapotea tena.

Nilipiga tatu. Ya kwanza kifua mbele. Ya pili na ya tatu nilimgeuza kidogo kushoto na kulia, mwanga ukimpiga kwa pembeni. Kovu lake limeinuka kidogo, na kovu lililoinuka linaonekana vizuri mwanga ukitoka upande, kwa sababu linatupa kivuli chake kidogo. Mwanga wa moja kwa moja, hasa ule wa flashi, unalilaza. Ukiwa na alama ya rangi tu isiyoinuka, hapo mwanga wa mbele unatosha.

Nilimwonyesha mtoto. Aliangalia, akaweka kidole juu ya nyusi kwenye skrini, halafu juu ya nyusi yake mwenyewe. Akacheka.

Kumtumia mama, sikutuma kama picha ya kawaida. Nilichagua "Document" ili isibanwe. Na kule studio Arua nilimwambia fundi kabla hajaanza, "Kaka, hii usiisafishe uso." Akanishangaa, maana mashine yao na mikono yao imezoea kusafisha. Nilisimama pale mpaka ilipotoka.

Jioni mama alinitumia sauti ya nyanya kutoka Ariwara. Alikuwa anataja jina la mjukuu wake, tena na tena. Picha imeshakabidhiwa kwa watu wa kutafuta ndugu. Baba bado hajapatikana, sitawadanganya.

Picha ya darasa niliomba nirudie, na mwalimu alikubali. Safari hii niliwauliza wazazi kabla. Wengine walisema wazi wanataka mtoto apendeze, hawataki kamasi wala vumbi kwenye picha ya ukumbusho. Wana haki. Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja: kinachotoka kwa maji na sabuni naweza kukitoa, tena ni bora kumnawisha mtoto kabla ya kupiga. Kisichotoka kwa sabuni si changu kukigusa, labda mwenye uso mwenyewe na mzazi wake waniombe. Na kama picha ni ya kumtafutia mtu ndugu, sigusi hata kwa kuombwa.

Jambo moja kwa wenzangu wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule mnaopiga picha za watoto: picha iliyo wazi hivi ni kitambulisho. Msiiweke mtandaoni na jina na mahali anapolala mtoto. Wapeni wazazi, na wale wanaotafuta ndugu wanaojua kuitunza.

Leo kabla hujalala fungua kamera ya simu yako, tafuta "Beauty", uone iko ngapi. Yangu ilikuwa nusu, na mimi nilidhani ni mkono wangu mzuri.