Sabuni ya Mwani Niliyowapelekea Wahitimu

Mimi ni mkufunzi wa sabuni za mwani, na wengi niliowafundisha ni akina mama wa mashariki ya Unguja. Nilipoalikwa kuzungumza kwenye mahafali Mji Mkongwe, nilichagua kueleza kazi moja ambayo hakuna ofisi iliyoitangaza.

"Wanangu," nilisema, "kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, Paje na Jambiani. Mpaka leo mwingi wake hukaushwa, hutiwa magunia na kusafirishwa. Viwanda vya ng'ambo ndivyo vinavyokamua ute unaotumika kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Baina ya gunia na yule mtumiaji wa mwisho pana hatua nyingi, na kila hatua isiyofanyika hapa ni ajira iliyopanda meli."

Kisha nikawaonesha hatua moja wanayoiweza. Mwani huoshwa kwa maji matamu mpaka chumvi itoke, ukaanikwa, ukasagwa unga. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka gramu 174 hivi za kostiki soda na gramu 350 za maji, pamoja na vijiko viwili vya unga wa mwani. Soda ndiyo humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya soda, huchemka na kukurukia usoni. Vaa glavu na miwani, na usitumie sufuria ya alumini, maana soda huila. Maji hayo ya soda yamimine kwenye mafuta, tia unga wa mwani, kisha koroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, utie kwenye kalibu, ukate kesho yake. Utapata vipande 15 vya gramu 100, navyo vitapungua uzito vikikauka.

Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Soda ikizidi, sabuni huwasha mikono, na ukiikata huenda ukaona vijishimo vyenye majimaji. Mafuta yakielea juu, hukukoroga vya kutosha. Sabuni ya namna hiyo haiuzwi.

Kijana mmoja akaniuliza, "Bibi, mtaji je?" Nikamjibu kwamba kilo ya mafuta si mzigo mkubwa, kigumu ni kungoja. Sabuni hukaa wiki nne mpaka sita ndipo ikomae, na muda wote huo fedha yako imelala. Basi anza na kilo moja, ukauze, ndipo uongeze. Ukitaka kuingia dukani au hotelini, ulizia mapema taratibu za viwango na usajili, na gharama yake uitie kwenye bei.

Nikawataka waandike kila kipande kinavyogharimu: mafuta, soda, mwani, karatasi ya kufungia, vipande vilivyoharibika, na saa zao wenyewe. Hizo saa ndizo wengi husahau. Bei isipolipa mkono wako, umepata shughuli. Kazi bado hujaiunda.