Majina na Vyeo katika Barua Pepe

Siku hizi barua nyingi za parokia hazipiti tena posta, bali hufika katika kompyuta, nazo huitwa barua pepe. Mimi ni karani, na nyingi ninazofasiri zatoka Italia, kwa wafadhili wa kisima chetu. Habari za bomba na saruji si ngumu kufasiri. Ugumu uko katika mstari wa kwanza na wa mwisho, penye majina na vyeo.

Lipo neno "Mons." Kamusi itakuambia ni Monsinyori, nasi twajua kuwa Monsinyori ni padre aliyepewa heshima na Baba Mtakatifu. Lakini Waitalia humwita hivyo hata askofu. Ukimjibu askofu kwa "Monsinyori" tu, watu wa huku wataona umemshusha. Basi tazama kama mbele yake pana herufi "S.E.", au chini ya sahihi pana neno "Vescovo". Ukiona moja ya hayo, andika "Mhashamu Askofu".

Neno jingine ni "Dott." Huko Italia huitwa hivyo mtu yeyote mwenye shahada ya chuo kikuu, hata kama alisomea uchumi au lugha. Tuseme barua yasema kwamba "Dott." fulani atatutembelea mwezi wa Julai. Karani akitangaza kwamba daktari anakuja, akina mama watabeba wagonjwa toka vigango vya mbali, kumbe mgeni ni mtu wa hesabu! Tabibu hasa huitwa "medico". Neno hilo lisipoonekana, andika "Bwana" na jina lake, kisha uulize kazi yake kabla ya kutangaza.

Sasa tugeuke upande wetu. Sisi tukisema "Mzee" tunampa mtu heshima, lakini neno "vecchio" kwa Mwitalia ni ukongwe tu, na mtu aweza kuchukizwa nalo. Mimi huandika "signor" mbele ya jina, kisha nataja kazi yake, kwa mfano mwenyekiti wa kamati ya kisima. Naye Mama Yosefu asifanywe "Madre Giuseppe", kwani wataisoma barua wakidhani ni mkuu wa watawa. Andika "signora" na jina lake mwenyewe, ndipo ueleze kwamba kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe.

Tena jina la mtu lisifasiriwe kamwe, hata kama ni la mtakatifu mmoja. Yosefu akialikwa Italia, barua ya mwaliko hulinganishwa na pasi yake ubalozini. Pasi ikisema Yosefu na barua ikisema Giuseppe, ataulizwa huyo Giuseppe ni nani, na safari yaweza kukwama hapo.