Hela "Iliyokosewa" Katoro: Soma Meseji Kabla ya Kuirudisha

Wadau, juzi dada mmoja anayeuza vitenge Katoro, kule Geita, kanirushia skrinshoti. Meseji inasema kapokea M-Pesa Sh185,000, salio jipya Sh185,000. Hapohapo jamaa kampigia analia: "Dada'angu nimekosea namba, hiyo hela ya msosi wa vijana wa duarani. Irudishe kwenye namba hii nyingine."

Anza kuangalia juu kabisa ya picha. Meseji ya kweli huja kwa jina M-PESA, na hukaa pamoja na meseji zako za zamani za miamala. Hii ilitoka namba ya kawaida ya simu, na juu yake hakuna kitu.

Halafu piga hesabu. Dada alikuwa na Sh240,000. Angepokea kweli, salio lingekuwa Sh425,000. Sasa mtu unapokeaje hela halafu salio linashuka? Tapeli hakujua ana kiasi gani, akabuni tu.

Nikamwambia apige *150*00# aangalie salio mwenyewe. Lilikuwa lilelile 240,000. Angetuma, angetoa hela yake ya mzigo.

Na kama ingekuwa imeingia kweli? Bado usitume wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe kutoka huko. Ukituma mwenyewe, halafu na ule wa kwanza ukarudishwa, umelipa mara mbili.

Dada kaipeleka ile meseji 15040, namba ya kuripoti matapeli. Jamaa kilio kikakata, simu akazima.